Muhogo wa Manda kwenye Baridi ya Njombe

Danford alipochaguliwa mzee wa kanisa, mkewe Oktavia aliamua kuwaalika wazee wenzake nyumbani na kuwalisha ugali wa muhogo. Hakumuuliza mtu. Alikuwa ameishi Njombe miaka ishirini na sita, kwenye mtaa wa Ramadhani, katikati ya watu wanaoamini kwamba Mungu aliumba kiazi mviringo siku ya kwanza na vitu vingine akaviongezea baadaye. Miaka yote hiyo alikuwa akisikia kwamba muhogo ni chakula cha njaa. Aliyekuwa akimwambia zaidi ya wote ni wifi yake, Hulda, dada wa Danford, mwanamke mrefu wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Wifi, hicho mnachokula huko ziwani," Hulda alizoea kusema, "huku kwetu tunakitumia kubandikia karatasi ukutani."

Oktavia alizaliwa Manda, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa hilo, ndicho chakula na vingine ni vitafunio. Alikuwa Mkatoliki aliyeolewa na Mlutheri, jambo ambalo ukoo wa Danford ulishalisamehe. Muhogo ulikuwa bado.

Kwa miaka ishirini na mitano unga wake ulitoka kwa mama yake. Kila baada ya miezi miwili kiroba kilipanda lori, kikateremka Njombe, cheupe, kikavu, chenye harufu kidogo ya uchachu iliyomfanya Oktavia afunge macho kabla hajakifungua. Mwezi wa tatu mwaka huo mama yake alifariki. Mwezi wa saba kaka yake, Methodi, anayefanya biashara ya usipa na mihogo, alimpigia simu kusema amempakilia mzigo. Ulipofika haukuwa unga. Yalikuwa magunia mawili ya mihogo mibichi, na udongo wa Manda ukiwa umeishikilia bado.

"Nani wa kukutengenezea unga?" Methodi alimwambia kwenye simu. "Mimi? Tengeneza mwenyewe, wewe si mtoto wa mama?"

Ilikuwa Jumatatu usiku. Wageni walikuwa wa Jumapili.

Oktavia hakuwa na wasiwasi. Utotoni aliyaona hayo yote, ingawa kazi yake ilikuwa kuchota maji na kufukuza kuku. Ule ulikuwa muhogo mchungu, na muhogo mchungu haupikwi ukiwa mbichi. Una sumu, kila mtoto wa Manda anajua. Unamenywa, unalowekwa siku tatu, unakaushwa, unatwangwa. Siku tatu. Sauti ya mama yake akisema hivyo ilikuwa wazi kichwani kama kengele ya misa.

Jumanne asubuhi akamenya, akaijaza mihogo mizima kwenye pipa la plastiki nyuma ya nyumba, akamwaga maji juu yake. Mwezi wa saba Njombe maji ya bomba yanauma vidole. Jumatano asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa sakitu, na maji ya pipa yalikuwa na utando mwembamba wa barafu ambao Danford aliuvunja kwa kidole, akautazama kwa furaha ya mtoto.

Ijumaa Oktavia akaingiza mkono kwenye pipa. Mihogo ilikuwa migumu. Aliubonyeza mmoja, akaubonyeza mwingine. Nje ulikuwa umelegea kidogo, ndani ulikuwa kama mguu wa meza. Hata harufu haikuwepo, na hilo ndilo lililomsimamisha pale kwa muda, mkono umekufa ganzi kwenye maji. Alipokuwa mtoto, harufu ya mihogo iliyolowekwa ilimfanya akatae kusogea karibu na mtungi.

Lakini siku tatu zilikuwa zimetimia. Na wageni walikuwa wa Jumapili.

Akaikatakata vipande vyembamba. Nje ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye paa, hakuna jua la kukausha hata soksi, kwa hiyo alilaza bati juu ya mafiga jikoni, akachochea kuni, akavikausha vipande kwa moto mkali mpaka vikawa vinaalika. Jumamosi akatwanga na kuchekecha. Unga ulitoka mweupe wa kupendeza. Akauonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa na uchungu kwa mbali.

"Labda ni dawa ya mswaki," alijiambia, ingawa alikuwa amepiga mswaki saa kumi na mbili asubuhi na sasa ilikuwa saa tisa mchana. Akazidisha pilipili kwenye usipa.

Jumapili walikuja watu tisa baada ya ibada. Mchungaji Enoki aliongoza msafara. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye sala ndefu. Waumini wake walikuwa wamejifunza kupika wali wakati wa sala yake ya mwisho na kuukuta umeiva. Nyuma yake alikuja Mzee Stanley, mtunza ghala mstaafu, na wazee wengine, na Hulda, ambaye alibeba hotpoti yake ya viazi.

"Mimi tumbo langu ni la kizamani," alisema, akaketi na hotpoti yake mapajani.

Wengine walikula. Walikula hasa. Ule uchungu walidhani ni wa samaki, na pilipili iliwatoa machozi, na ugali ule laini unaovutika uliteleza kooni bila kuomba ruhusa. Mchungaji Enoki aliongeza mara mbili. Danford alikula kama mtu aliyechaguliwa. Oktavia mwenyewe, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba, alikuwa akikimbia kati ya jiko na sebule, akaambulia matonge mawili.

"Dada Oktavia," Mchungaji alisema akifuta jasho, "mbona ulitunyima kitu hiki miaka yote?"

Oktavia akamtazama Hulda. Hulda akatazama kiazi chake. Kama Oktavia angekufa dakika ile, angekufa ameshinda.

Baada ya saa moja na nusu hivi, Mchungaji Enoki alisimama kufunga kwa sala. Alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa mikono iliyokiandaa, kwa mzee mpya, kisha akanyamaza. Watu walibaki wameinamisha vichwa. Akasema, "Na pia," akanyamaza tena. Kisha akasema amina kwa sauti ndogo, akaketi chini, si kwenye kiti, kwenye sakafu. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, na waliokuwapo walijua papo hapo kuna jambo.

"Nyumba inazunguka," Mchungaji alisema.

Mzee Stanley alitoka nje haraka kuliko umri wake unavyoruhusu, akatapikia kwenye maua. Wa tatu alishika kichwa akasema kinapasuka. Wa nne alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Danford aliwahi ndoo ya kudekia, akaikumbatia, na kila alipopata nafasi ya kuinua uso alimwambia mkewe, "Si chakula, Mama Jasmine. Ni baridi tu. Baridi imeniingia."

Oktavia naye alikuwa na kizunguzungu. Alijua. Tangu Mchungaji aliposema "na pia", alijua.

Hulda peke yake alikuwa mzima kama mnara. Alisimama katikati ya sebule na kijiko mkononi, akawatazama wazee wa usharika mmoja mmoja, kisha akamtazama wifi yake.

"Umewaua," alisema.

Hakuwaua. Jirani mwenye gari aliwapeleka kituo cha afya kwa safari mbili. Tabibu wa zamu, dada kijana anayeitwa Lightness, alipokea kanisa zima likitapika, akauliza swali moja.

"Mmekula nini?"

"Ugali wa muhogo," Oktavia alijibu.

"Mchungu au mtamu?"

"Mchungu."

"Uliloweka?"

"Niliuloweka."

Lightness hakumuuliza zaidi wakati ule. Mchungaji Enoki na Mzee Stanley, waliokula zaidi, waliwekewa oksijeni na dripu. Moyo wa Mchungaji ulikuwa unakwenda mbio. Wengine walilazwa chini ya uangalizi, mabeseni kando. Jioni, walipoanza kutulia, Lightness alimwita Oktavia kwenye korido.

"Mama, ile ni sayanaidi. Mwili unaweza kuitoa ikiwa kidogo. Ikizidi, damu inabeba hewa lakini mwili unashindwa kuitumia. Wangekula sahani moja zaidi, au wangekuwa watoto, leo tungezungumza mengine." Hakuwa mkali, na ndiyo maana iliuma. "Huo unga uliobaki usimpe mtu. Wala nguruwe."

Kesho yake wote waliruhusiwa. Lakini kesho yake ilikuwa pia siku ya soko, na habari ilikwishatoka. Asubuhi ilikuwa Mkatoliki amewatilia sumu Walutheri. Saa nne wawili walikuwa wamekufa. Saa sita mchana Mzee Stanley alikuwa mmoja wa marehemu, na wauza nyanya walikuwa wameanza kukumbuka wema wake. Ilibidi mzee atoke kitandani, avae koti, na kuzunguka soko lote akisalimia watu. "Kamwene," alisema kwa kila meza, "kamwene, ni mimi." Mama mmoja alimwambia amepungua sana tangu afariki.

Ukoo nao ulikaa. Hulda alizungumza kwa muda mrefu na kwa sauti ya kwanza. Alisema hatasema wifi yake ni mchawi, kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa, lakini watu wanasema. Alisema muhogo usiingie tena kwenye nyumba ya kaka yake. Alisema pia, na hili ndilo lililomtoa Danford rangi, kwamba baraza la wazee lingekutana baada ya majuma mawili kuangalia kama inafaa mtu awe mzee wa kanisa wakati nyumbani kwake wazee wa kanisa hupelekwa kituo cha afya.

Danford, bado ana sauti ya mtu aliyetapika, alisema, "Mke wangu alipika chakula cha kwao."

"Ndicho ninachosema," Hulda alijibu.

Oktavia hakujitetea. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda karibu na pipa tupu, akampigia Methodi.

"Mama aliloweka siku ngapi?" aliuliza.

"Tatu. Mbili, kukiwa na joto. Kwa nini?"

Akamweleza. Methodi, Mungu amsamehe, akacheka.

"Kwenye baridi ya huko? Na nje? Oktavia, mama hakuwa anahesabu siku. Alikuwa anaingiza mkono anabonyeza. Siku tatu alikuwa anakuambia wewe ili usimsumbue kila saa kuuliza kama tayari."

Hakuwa amelia vizuri tangu mazishi. Kulikuwa na wageni, kulikuwa na masufuria. Sasa alilia pale kwenye kigoda, kando ya pipa, kwa sababu alikuwa amemsikia mama yake miaka yote na hakuwa amemtazama mikono.

Methodi alisubiri. Kisha akasema, "Nenda Makambako, umtafute Telesia. Anachukua mihogo kwangu kila mwezi. Ni mtu wa kwetu. Anatukana, lakini anajua."

Telesia alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, zamani alikuwa na kilabu cha pombe, sasa alikuwa na mapipa kumi na mawili ya kulowekea mihogo katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, upande wa reli. Alimkaribisha Oktavia, akachungulia ndani ya mfuko wa unga aliokuja nao, akanusa.

"Huu haunuki," alisema. "Unga wa kivunde, wa muhogo uliovundikwa, usionuka ni kama padri asiyekunywa. Siuamini. Ulikausha wapi?"

"Kwenye bati. Juu ya moto."

Telesia aliketi chini polepole. "Dada, wewe uliwaandalia hao watu kaburi, basi tu walikuwa hawajamaliza kulichimba." Kisha akainuka, kwa sababu hakuwa mtu wa kuketi, akamshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha mapipa. Mapipa yote yalikuwa ndani, yamezunguka jiko kubwa la kuni, na kulikuwa na joto na harufu iliyomrudisha Oktavia Manda kwa nguvu kiasi kwamba alishika ukuta.

"Sikiliza, mtu wa lishe wa halmashauri alinieleza hivi na mimi nakueleza hivyo hivyo. Sumu iko ndani ya muhogo imefungwa. Ikiwa imefungwa haitoki. Kinachoifungua kimo humo humo kwenye muhogo, lakini kinakaa chumba kingine. Hawakutani mpaka kuta za vyumba zivunjike. Ukiloweka, vijidudu vya uchachu vinaulainisha muhogo, kuta zinabomoka, wale wawili wanakutana, sumu inafunguka. Nyingine inaondoka na maji, nyingine inakuwa hewa inapaa. Muhogo wako ulikuwa mgumu?"

"Katikati."

"Basi katikati hakuna kilichobomoka. Vijidudu vyenyewe vilikuwa vinatetemeka kwa baridi, havikufanya kazi. Halafu ukachukua kile kinachofungua ukakichoma moto. Ukakiua. Sumu ikabaki imejifungia ndani, imestarehe, mpaka ikafika kwenye tumbo la Mchungaji."

"Sikujua la moto," Oktavia alisema.

"La ugumu ulijua."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo, na ilimtua mzigo kuliko maneno yote ya pole.

Telesia alikuwa na vichupa vidogo na vikaratasi vya manjano vya kupimia sumu alivyoachiwa na yule mtu wa lishe. Alitia kijiko cha unga wa Oktavia kwenye kichupa, akaongeza maji, akaning'iniza kikaratasi ndani bila kugusa maji, akafunga. Halafu akachukua bakuli la unga ule ule, akaulowanisha kwa maji mpaka ukashikana, akautandaza kwenye ungo kivulini, unene wa kidole tu. Uliachwa hivyo saa tano, ili sumu ifunguke na kupaa. Kisha nao ukaingia kwenye kichupa cha pili. Katika cha tatu alitia unga wake mwenyewe.

"Hii ya kulowanisha ni msaada wa mwisho," alisema. "Kwa unga ambao karibu uwe mzuri."

Oktavia alilala hapo. Kesho yake karatasi ya kwanza ilikuwa na rangi ya tofali. Ya pili ilikuwa imekoza kidogo kuliko chungwa. Ya Telesia ilikuwa manjano, kama alivyoitia.

"Sumu imepungua, haijaisha," Telesia alisema juu ya kile cha pili. "Unga wako ulikuwa mkali mno. Ufukie."

Waliufukia nje, nyuma ya chumba cha mapipa, kilo kumi na mbili. Kisha Oktavia akafunga khanga kiunoni na kufanya kazi na Telesia siku nzima, akibonyeza kila pipa ili mikono yake ijue. Mchana alimuuliza kwa nini watu wasipande tu muhogo mtamu, waache mateso haya.

"Kwa sababu mtamu unapendwa na nguruwe pori, nyani, na shemeji zako," Telesia alijibu. "Mchungu unajilinda. Unakusubiri wewe tu."

Aliondoka na gunia la mihogo kutoka kwenye lori la Methodi na ndoo yenye mfuniko, ndani yake maji ya zamani ya kulowekea, ili vijidudu vipate pa kuanzia. Mfuniko haukuwa imara. Abiria wa jirani yake kwenye basi alishuka kituo kimoja kabla ya kwao, akasema anapenda kutembea.

Safari hii pipa lilikaa jikoni, kando ya mafiga, limefunikwa blanketi la Danford. Mihogo ilikuwa imemenywa na kukatwa vipande. Siku ya tatu ilikuwa migumu. Siku ya nne ilikuwa migumu katikati. Danford, aliyekuwa analala bila blanketi, aliuliza kama tayari, akaambiwa bado. Siku ya tano Hulda alikuja kuchukua chungu alichokiazimisha, akasimama mlangoni na khanga puani.

"Wifi, humu kumekufa nini?"

"Sumu," Oktavia alisema. "Inakufa."

Siku ya sita kidole kilizama mpaka upande wa pili, na uzi wa katikati ulichomoka kama uzi wa shati. Akayamwaga maji kwenye shimo mbali na kuku. Akaukamua muhogo ndani ya gunia chini ya mawe, akaufikicha, akautandaza. Lakini Njombe ilikuwa imejifunika ukungu, na alijua kwamba kitu chenye unyevu kikikaa kwenye ukungu huota kuvu. Hakwenda kwenye moto. Alirudi Makambako asubuhi hiyo hiyo na gunia bichi lililokuwa linachuruzika.

Upepo wa Makambako hauna adabu. Unavua watu kofia na kuanua nguo zisizo zake. Lakini juu ya vichanja vya Telesia, chini ya nyavu, ulipita katikati ya muhogo siku mbili mfululizo na jua lake, na siku ya tatu ulivunjika mkononi kama chaki. Wakausaga. Wakautia kwenye kichupa. Kesho yake karatasi ilikuwa ya manjano.

Baraza la wazee lilikutana Jumamosi mchana katika ofisi ya usharika. Lilikuwa limefika ajenda ya tatu, ile ya Danford, wakati Oktavia alipobisha na kuingia na sufuria yenye mfuniko, pamoja na vile vikaratasi viwili ndani ya bahasha. Hulda, aliyekuwa anaandika kumbukumbu, aliinua kalamu.

"Hiki ni kikao cha Walutheri," alisema.

"Sitakaa sana," Oktavia alisema. Alibaki amesimama. "Nimekuja kuomba radhi, na sitaki Baba Jasmine aniombee. Sumu sikuiweka mimi, ilikuwamo kwenye muhogo. Lakini ilipaswa kutolewa, na mimi niliubonyeza muhogo siku ile nikaukuta mgumu. Nikaonja unga nikaukuta mchungu. Nikajidanganya, kwa sababu nilitaka mle mkisifie chakula cha kwetu. Mngekufa kwa sababu ya majivuno yangu."

Danford alikuwa anatazama mikono yake.

Akaweka karatasi mezani, ya tofali na ya manjano, akaeleza kwa maneno machache. Kisha akafunua sufuria, akapakua sahani ya ugali wa muhogo, akamega tonge, akala. Akala la pili, na la tatu, mpaka sahani ikaisha, mbele ya wazee tisa waliokuwa wanamtazama kama watu wanaotazama baruti.

"Inachukua muda gani?" Mzee Stanley aliuliza.

"Saa mbili, mzee. Zaidi kidogo."

Wakaendelea na ajenda. Walijadili paa la chumba cha kwaya kwa saa mbili na robo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka baadaye walichoamua, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama Oktavia, ambaye alikaa kwenye benchi la ukutani akifuma sweta. Mara moja alikohoa. Mzee mmoja akasimama.

Saa kumi na nusu Mchungaji Enoki alifunga daftari lake. "Danford abaki," alisema. "Nani anapinga?" Hakuna aliyepinga, ingawa kalamu ya Hulda ilisita.

"Na ugali, Mchungaji?" Oktavia aliuliza. "Umebaki."

Mchungaji Enoki aliutazama kwa muda. "Dada Oktavia, mimi nimekusamehe kabisa, kutoka moyoni. Ila tumbo linasema lipewe muda wa kuomba."

Ni Hulda aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyemuomba. Alimega kipande kidogo kama cha mgonjwa, akakitafuna kwa uso wa mtu anayesoma barua ya serikali.

"Hauna ladha," alisema. Akamega kingine, kikubwa zaidi. "Unahitaji mboga."

"Usipa uko nyumbani, wifi."

"Nitakuja kesho. Nitakuja na viazi vyangu, usinielewe vibaya."

Jioni ile Oktavia alimpakulia Danford ugali wa muhogo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Mumewe alinawa, akaketi, akalitazama tonge la kwanza, akalitia kinywani. Alikula taratibu mpaka akamaliza, akalamba mchuzi wa usipa kwenye vidole, akaegemea kiti. Oktavia alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, hajagusa chakula chake.

"Mbona unanitazama hivyo?" Danford aliuliza.

"Nakutazama tu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nitakapochoka," alisema, akamsogezea maji ya kunywa.